Usawazishaji wa vipimo na sarafu

Usawazishaji wa vipimo na sarafu ni kazi ya kugeuza tarakimu zilizoandikwa na waombaji kwa vipimo au fedha mbalimbali ziwe katika kipimo kimoja au sarafu moja, kabla ya kuzilinganisha na kikomo kilichowekwa katika sheria, kanuni au vigezo vya kuchagua. Kikomo kikiwa hektari 250 na mwombaji akaandika "620", tarakimu hizo mbili haziwezi kulinganishwa mpaka ijulikane 620 ni za nini: hektari, ekari zilizopimwa, au ekari zilizohesabiwa kwa hatua.

Kazi hii hufanywa na karani mwenye daftari na kikokotoo, au na programu ya kompyuta inayopokea fomu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Ugumu uko katika kujua mwandishi alimaanisha nini, kutumia uwiano kamili badala ya ule wa kukadiria, na kuchagua wakati wa kukata desimali. Makala hii inafuata zaidi mfano wa ardhi ya kijiji nchini Tanzania, kwa sababu hapo kosa la kipimo linaweza kubadilisha jibu la swali la nani mwenye mamlaka ya kuamua.

## Kikomo cha hektari 250

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania (Na. 5 ya mwaka 1999) ilianza kutumika mwaka 2001. Kifungu chake cha 4 kinaeleza jinsi ardhi ya kijiji inavyoweza kuhamishwa na kuwa ardhi ya kawaida au ardhi ya hifadhi kwa manufaa ya umma, na uwekezaji wenye maslahi kwa taifa umo ndani ya maana hiyo. Eneo likiwa hektari 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Eneo likizidi hektari 250, mkutano mkuu hutoa mapendekezo, naye waziri mwenye dhamana ya ardhi huyazingatia na kuamua.

Kwa hiyo kikomo hiki kinapima zaidi ya ukubwa wa shamba. Upande mmoja wanakijiji wana uwezo wa kusema "hapana" na jambo likaishia hapo. Upande wa pili neno lao ni ushauri. Katika wilaya kama Kilosa, mkoani Morogoro, ambako mashamba makubwa ya mkonge, wakulima wadogo na wafugaji wamekuwa wakigombea ardhi kwa miaka mingi, tofauti hiyo si ndogo.

Sheria imetaja hektari. Watu wa vijijini wanazungumza kwa ekari. Hapo ndipo usawazishaji unapoanza.

## Ekari tatu zenye jina moja

Ekari ya kisheria, iliyorithiwa kutoka vipimo vya Kiingereza, ni yadi za mraba 4,840, yaani mita za mraba 4,046.86. Hektari ni mita za mraba 10,000. Hivyo ekari moja ni hektari 0.404686, na hektari moja ni ekari 2.471.

Ekari ya pili ni ya kukadiria: "ekari mbili na nusu ni hektari moja", au "ekari moja ni hektari 0.4". Uwiano huu ni rahisi kukumbuka na unatosha kwa kukisia mbegu za shamba la mtu mmoja. Hautoshi kwa kulinganisha na kikomo.

Ekari ya tatu ni ya miguu. Sehemu nyingi za Tanzania mkulima akisema "ekari" ana maana ya mraba wa hatua 70 kwa 70. Kanuni hii imesimama juu ya hesabu nzuri: 70 mara 70 ni 4,900, na ekari halisi ni yadi za mraba 4,840. Hatua ikiwa na urefu wa yadi moja kamili, yaani sentimita 91.44, mraba huo una mita za mraba 4,097, ambazo zinazidi ekari halisi kwa kiasi kidogo tu. Tatizo ni kwamba watu hawatembei kwa yadi. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni fupi kuliko hiyo, na kwa kuwa eneo ni urefu mara upana, upungufu wa hatua huingia mara mbili. Hatua iliyopungua kwa asilimia 10 inapunguza eneo kwa asilimia 19.

## Mfano: fomu yenye "620"

Tuseme ombi linahusu eneo katika Kata ya Mvumi, Wilaya ya Kilosa. Ombi hili ni la kubuni, lakini hesabu zake ni za kweli. Mahali pa ukubwa pameandikwa "620" na maelezo chini yake yanasema "ekari".

Karani wa kwanza anazidisha 620 kwa 0.4 na kupata hektari 248. Anaandika kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye uamuzi. Karani wa pili anazidisha 620 kwa 0.404686 na kupata hektari 250.9. Anaandika kwamba uamuzi ni wa waziri. Wote wawili wamesoma fomu ileile na hakuna aliyekosea kuzidisha. Kilichowatenganisha ni uwiano. Kikomo cha hektari 250 ni sawa na ekari halisi 617.8, lakini kwa ekari ya kukadiria ni ekari 625. Ombi lolote linaloangukia kati ya 617.8 na 625 litapelekwa mahali pasipo sahihi na anayetumia 0.4. Nje ya pengo hilo uwiano wa kukadiria hauleti madhara, na hii ndiyo sababu kosa lake hudumu muda mrefu bila kuonekana.

Lakini bado haijaulizwa ni ekari ipi. Kama eneo lilihesabiwa kwa hatua, ukubwa unategemea hatua za aliyetembea. Akiwa na hatua ya sentimita 91.44, mraba wake ni mita za mraba 4,097, na ekari zake 620 ni hektari 254. Akiwa na hatua ya sentimita 75, mraba wake ni mita za mraba 2,756, na 620 zake ni hektari 171 tu. Tarakimu moja, jina moja la kipimo, na tofauti ya hektari 83.

Kosa likielekea upande wa kwanza, eneo la hektari 254 linaandikwa kuwa 248, na kijiji kinafanya uamuzi ambao kisheria haukuwa wake. Unaweza kupingwa baadaye. Likielekea upande wa pili, eneo la hektari 171 linaandikwa kuwa 250.9, na wanakijiji wanapoteza haki ya kukataa kwa sababu tu mtu alikuwa na hatua fupi.

Hatua zinaweza kugeuzwa kuwa mita ikiwa aliyepima yupo. Hunyooshwa utepe wa mita 100 kwenye ardhi ya aina ileile, naye hutembea kama alivyotembea siku ile huku hatua zikihesabiwa. Akitumia hatua 118, kila hatua ni sentimita 84.7. Upande wa hatua 70 ni mita 59.3, mraba wake ni mita za mraba 3,519, na 620 zake ni hektari 218. Sasa kuna tarakimu yenye msingi. Inafaa kurudia utepe mara tatu au nne, maana mtu anayejua anahesabiwa hutembea kwa madaha. Kama aliyepima hayupo, tarakimu ya hatua haigeuziki, na njia pekee ni kupima eneo upya.

## Wakati wa kukata desimali

Kosa jingine la kawaida ni kukata desimali kabla ya kulinganisha. Hektari 250.4 zikiandikwa "250" kwa ajili ya unadhifu, ombi limehama upande, kwa kuwa sheria inaweka 250 kamili chini ya mkutano mkuu na chochote kinachozidi hapo juu yake. Utaratibu salama ni kugeuza kwa uwiano kamili, kulinganisha, kisha kukata desimali kwa ajili ya kuandika tu. Maneno ya kikomo nayo yasomwe kwa makini. "Isiyozidi 250" inaipokea 250 kamili; "pungufu ya 250" inaikataa.

Hata hivyo desimali nyingi haziongezi ukweli wa kipimo. Eneo la mraba lenye hektari 250 lina upande wa mita 1,581 na mzunguko wa mita 6,325. Mpaka wote ukichorwa mita moja nje ya mahali pake, eneo huongezeka kwa takriban mita za mraba 6,325, yaani hektari 0.63. Mpaka ukisogea mita mbili, ongezeko linazidi hektari 1.2. Kifaa cha mkononi cha kupokea satelaiti kinaweza kukosea mita kadhaa kwa kila nukta, ingawa makosa ya nukta nyingi hupunguzana yanapoelekea pande tofauti.

Maana yake ni kwamba 250.9 iliyotoka kwenye kifaa cha namna hiyo haiamui lolote. Afadhali kuandika kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano 249.6 hadi 252.2, na kulinganisha vyote viwili. Vikiwa upande mmoja wa kikomo, jibu linapatikana. Kikomo kikiwa katikati yao, hakuna ugeuzaji utakaosaidia. Mpima ardhi aende na vifaa vya usahihi zaidi.

## Dalili za kipimo kilichochanganywa

Fomu zikiwa nyingi, kosa la kipimo lina alama zake. Ya wazi zaidi ni tarakimu iliyo kubwa au ndogo kwa karibu mara mbili na nusu kuliko ilivyotarajiwa: mtu ameandika ekari mahali pa hektari, au kinyume chake. Ikiwa ramani inaonyesha eneo la hektari 251 na fomu ina 620 chini ya neno "ha", kugawanya 620 kwa 251 hutoa 2.47, na siri imejulikana.

Ukaguzi mzuri ni ule unaotumia taarifa nyingine ya fomu hiyohiyo. Kama mwombaji ameeleza pia kwamba eneo ni kilomita 1.6 kwa kilomita 1.57, eneo ni kilomita za mraba 2.512, ambazo ni hektari 251.2. Inakubaliana na ekari halisi 620, na inakataa hatua za sentimita 75. Ndiyo sababu fomu inayouliza urefu wa pande pamoja na ukubwa ni bora kuliko ile inayouliza ukubwa peke yake.

Alama nyingine ni za uandishi. Nukta na mkato hubadilishana kazi: anayefuata mtindo wa Kifaransa, kama ilivyo mashariki mwa Kongo, huandika "250,9" akimaanisha mia mbili hamsini na sehemu tisa za kumi, na programu iliyozoea mtindo wa Kiingereza inaweza kuusoma mkato kama kitenganishi cha maelfu na kupata 2509. Herufi "m" huweza kuwa mita au milioni. Maneno "laki mbili" na "nusu ekari" ni sahihi kabisa kwa msomaji, lakini programu isiyoandaliwa huyatupa au, vibaya zaidi, huyahesabu kuwa sifuri. Sifuri iko chini ya kila kikomo.

Kwa programu, kanuni muhimu ni kwamba kipimo kisichojulikana kirudishwe kwa mtu, kisikisiwe:

```python
UWIANO = {"ha": 1.0, "ekari": 0.40468564, "m2": 0.0001}

def kwa_hektari(kiasi, kipimo):
    if kipimo not in UWIANO:
        raise ValueError("Kipimo hakijulikani: " + kipimo)
    return kiasi * UWIANO[kipimo]
```

Hatua hazimo katika orodha hiyo kwa makusudi, kwani hazina uwiano mmoja. Tarakimu ya awali pia isifutwe. Ihifadhiwe kama ilivyoandikwa, pembeni yake iwekwe iliyogeuzwa, uwiano uliotumika na tarehe, ili mwingine aweze kurudia hesabu.

## Vipimo visivyogeuzika kwa uwiano mmoja

Hatua si peke yake. Debe ni kipimo cha ujazo, takriban lita 20, wakati vikomo vya mazao kwa kawaida huandikwa kwa kilo. Debe la maharage ni zito kuliko debe la mpunga, na uzito wa debe la mahindi hubadilika kulingana na unyevu wake. Gunia nalo hutajwa kana kwamba ni kilo 100, lakini gunia la lumbesa, lililoshonewa kichwa juu ya mdomo wake, hubeba zaidi, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji huo. Anayeandika "magunia 40" hajataja uzito. Mizani ndiyo inayotaja.

## Sarafu

Fedha hufuata taratibu zilezile, pamoja na ugumu mmoja: uwiano wake hubadilika kila siku. Ekari haitakuwa kubwa zaidi mwakani. Dola inaweza kuwa.

Sheria ya Uwekezaji Tanzania ya mwaka 2022 iliweka kikomo cha chini cha mtaji kwa dola za Marekani kwa mradi unaotaka cheti cha vivutio: dola 50,000 kwa mradi wa raia wa Tanzania, na dola 500,000 kwa mgeni au ubia na mgeni. Raia wengi huweka mtaji wao kwa shilingi. Mwenye shilingi milioni 120, dola ikiwa shilingi 2,300 kama ilivyokuwa kwa kukaribia mwaka 2022, ana dola 52,174 na amevuka kikomo. Dola ikiwa shilingi 2,650, kiwango kilichofikiwa mwaka 2024, fedha zilezile ni dola 45,283 na hazitoshi. Mwombaji hajapoteza hata senti moja ya shilingi zake.

Kwa hiyo swali la kwanza katika sarafu ni "kwa tarehe ipi?" Inaweza kuwa siku fedha zilipowekwa, siku ombi lilipopokelewa, au siku linapojadiliwa. Kila moja ina hoja yake, ila siku ya kujadiliwa ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mwombaji anaadhibiwa kwa ucheleweshaji wa ofisi. Kama maombi mengi yanashindanishwa kwa pamoja, ni haki zaidi kutumia kiwango cha siku moja kwa wote na kukitangaza mapema. Swali la pili ni kiwango kipi. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza bei ya kununua, ya kuuza na ya wastani; duka la kubadilishia fedha lina zake. Karibu na kikomo, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza inaweza kutosha kubadilisha jibu.

Jina la sarafu lenyewe linahitaji uangalifu kabla ya hesabu yoyote. "Sh" na "/=" hutumika Tanzania, Kenya na Uganda, na shilingi moja ya Kenya ina thamani ya shilingi nyingi za Tanzania. Ombi lililotoka Namanga au Sirari likiwa na "Sh 500,000" halijasema kitu mpaka nchi ijulikane. Ndiyo maana fomu nzuri hutumia alama za kimataifa za herufi tatu: `TZS` kwa Tanzania, `KES` kwa Kenya, `UGX` kwa Uganda, `CDF` kwa faranga ya Kongo na `USD` kwa dola ya Marekani.

Ugeuzaji ufanywe kuelekea sarafu ya kikomo, mara moja, moja kwa moja pale kiwango kinapopatikana. Kikomo cha dola kikigeuzwa kuwa shilingi na kubandikwa ukutani ofisini, kitazeeka. Baada ya miezi michache waombaji watakuwa wanapimwa kwa dola ya zamani, na wale wa milioni 120 watakubaliwa au kukataliwa kulingana na karatasi iliyosahauliwa kubadilishwa.